NPV inasema hasara, XNPV inasema faida: niiamini ipi?

*"Nataka kununua mashine ya kukoboa mpunga kwa 20,000,000, nilipe tarehe 15/03/2025. Tarehe 02/06/2025 nitalipa 4,000,000 za kibanda na umeme wa fezi tatu. Baada ya kutoa gharama za kuendesha, nategemea kupata 9,000,000 tarehe 20/08/2025, 3,000,000 tarehe 10/01/2026 na 11,000,000 tarehe 25/07/2026. Nahama mwishoni mwa mwaka huo, na kuna mtu ameahidi kuinunua kwa 6,000,000 tarehe 30/11/2026. Pesa ninayoweka ingenigharimu asilimia 18 kwa mwaka benki. NPV kwenye Excel imenipa hasi 5,766,000. Nikaambiwa nitumie XNPV. Kwanza ikaniandikia #VALUE!, nikarekebisha tarehe chache, ikaandika #NUM!, nikarekebisha nyingine moja, sasa inatoa chanya kama 140,000. Ninunue au nisinunue?"*

Majibu yote mawili uliyopata si sahihi. La NPV limekosea kwa mamilioni kwa sababu fomula yenyewe haifai kazi hii. La XNPV limetoka kwenye fomula inayofaa, ila bado kuna tarehe moja iliyopinduka kwenye jedwali lako, na nitakuonyesha ni ipi. Kwa namba ulizonipa na kwa asilimia 18, jibu ni chanya, 435,000 na ushee.

Tuanze na NPV, fomula ya Excel inayopunguza pesa za baadaye kwa riba ili uone zina thamani gani mwanzoni. Fomula hii haijui tarehe kabisa. Haina hata mahali pa kuziweka. Inachojua ni mpangilio tu: cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kati ya kimoja na kinachofuata inahesabu kipindi kizima. Wewe umeipa asilimia 18 kwa mwaka, kwa hiyo kila mstari umekuwa mwaka. Milioni 9 utakazopata Agosti 2025, miezi mitano tu baada ya kununua, imezihesabu kana kwamba zitaingia mwishoni mwa mwaka wa 3, na milioni 9 zikawa kama 5,478,000. Milioni 6 za kuuzia mashine imezipeleka mwaka wa 6, zikabaki 2,223,000. Biashara yako ya miezi 20 imenyooshwa ikawa ya miaka 6, lazima ionekane ya hasara.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. NPV huanza kupunguza tangu mstari wa kwanza kabisa. Milioni 20 unazolipa siku ya kwanza, ambazo hazistahili kupunguzwa hata shilingi, imezigawa kwa 1.18 zikawa 16,949,000. Wanaolijua hili huitoa namba ya kwanza nje ya fomula, hivi:

```
=B2+NPV(18%,B3:B7)
```

Kwa malipo yanayokuja kila mwaka tarehe ileile, hiyo ndiyo njia sahihi. Kwako haisaidii. Ukiiandika utapata hasi 6,804,000, mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu kosa kubwa la kuhesabu kila mstari kuwa mwaka bado lipo.

Pengine utashauriwa ukusanye pesa kwa mwaka wa kalenda: 2025 ni hasi milioni 15, 2026 ni chanya milioni 20, halafu ugawe hizo 20 kwa 1.18. Jibu litakuwa chanya 1,949,000, na hapo umejidanganya upande wa pili. Milioni 9 za Agosti zimehesabiwa kana kwamba ziko mkononi siku unayonunua mashine, na pesa ya Novemba 2026, iliyo siku 625 mbele, imehesabiwa kuwa iko mwaka mmoja tu mbele. Biashara ni ileile na riba ni ileile, lakini una majibu matatu yanayotofautiana kwa karibu milioni 9.

XNPV hufanya kitu kimoja ambacho mwenzake hafanyi: huhesabu siku. Huchukua tarehe ya mstari wa kwanza kuwa siku ya sifuri, kisha kwa kila mstari huangalia zimepita siku ngapi tangu hapo, huzigawa kwa 365 ili kupata sehemu ya mwaka, na kwa sehemu hiyo huipunguza pesa. Chukua milioni 9 zako. Kutoka 15 Machi hadi 20 Agosti 2025 ni siku 158. Ukigawa kwa 365 unapata 0.433 ya mwaka. Unapandisha 1.18 kwa kipeo cha 0.433, halafu unagawa milioni 9 kwa kinachopatikana. Zinabaki 8,378,000. Linganisha na zile 5,478,000 za NPV.

Angalia kwamba nimesema kipeo. XNPV haichukui asilimia 18 ikaigawa kwa siku kama tunavyofanya kichwani, kwamba nusu mwaka ni asilimia 9. Kwake nusu mwaka ni asilimia 8.63, kwa sababu 1.0863 mara 1.0863 ndiyo 1.18. Riba inazaa riba. Hili nitalirudia tukifika kwenye kiwango cha benki yako.

Sasa panga jedwali hivi, tarehe kwenye safu A, kiasi kwenye safu B, na kiwango peke yake kwenye seli D1 ili uweze kukibadilisha bila kugusa fomula:

```
     A             B
1    Tarehe        Kiasi
2    15/03/2025    -20000000
3    02/06/2025    -4000000
4    20/08/2025    9000000
5    10/01/2026    3000000
6    25/07/2026    11000000
7    30/11/2026    6000000
```

```
=XNPV(D1,B2:B7,A2:A7)
```

Kiasi kinatangulia, tarehe zinafuata, ingawa kwenye jedwali tarehe ndizo zilizotangulia. Watu huzipishanisha kila siku. Pesa inayotoka lazima iwe na alama ya kutoa. Ukisahau alama kwenye ile milioni 4, jibu litaruka juu kwa karibu milioni 8 na Excel haitakuambia neno.

Tarehe zako ndizo zilizokusumbua, na ukifuatilia makosa uliyoyapata unaweza kuona kilichotokea mstari kwa mstari. Kompyuta yako, bila shaka, imewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza kisha siku. Ulipoandika 15/03/2025 ikatafuta mwezi wa 15, haukuwepo, ikaamua hayo ni maandishi tu. Vivyo hivyo kwa 20/08, 25/07 na 30/11. Tarehe nne zikawa maandishi, na XNPV ikikutana na maandishi mahali pa tarehe huandika #VALUE!. Ukazirekebisha hizo nne.

Zilibaki mbili ambazo kompyuta ilizikubali bila ubishi kwa sababu namba zote zinatosha kuwa mwezi. 02/06/2025 ikasomwa kuwa 6 Februari 2025, ambayo iko kabla ya 15 Machi. XNPV haikubali tarehe yoyote inayotangulia ile ya mstari wa kwanza, ikaandika #NUM!. (Kosa hilohilo hutokea pia idadi ya tarehe isipolingana na idadi ya pesa, mfano ukiandika B2:B7 na A2:A6.) Ukaiona, ukairekebisha.

Iliyobaki ni 10/01/2026. Kompyuta imeisoma 1 Oktoba 2026. Hiyo haitangulii chochote, ni tarehe halali, kwa hiyo hakuna kosa lililoandikwa. Milioni 3 za Januari zimesukumwa miezi karibu 9 mbele, siku 565 badala ya 301, na badala ya thamani ya 2,617,000 zimepewa 2,322,000. Tofauti ni 295,000. Ongeza kwenye 140,000 zako, unapata 435,000. Ndiyo maana ninasema kwa uhakika kwamba tatizo liko mstari wa 5.

Kosa la aina hii ndilo ninaloliogopa kuliko #VALUE! kumi, maana halipigi kelele. Kipimo ambacho wengi hukitumia, `=ISNUMBER(A5)`, hakikusaidii hapa: kitasema TRUE, kwa kuwa 1 Oktoba ni namba halali kama 10 Januari. Kinachosaidia ni kuulazimisha mwezi uonekane kwa jina. Teua safu A yote, bonyeza Ctrl+1, chagua Custom, andika `dd mmm yyyy`. Sasa kila tarehe itajitaja yenyewe, na Oktoba iliyojificha utaiona mara moja. Zile zitakazokataa kubadilika mwonekano na kubaki zimeegemea kushoto ni maandishi, zinahitaji kuandikwa upya.

Kubadili mpangilio wa nchi kwenye kompyuta (au kwenye Google Sheets, kupitia File, Settings, Locale) ni vizuri ufanye kwa ajili ya kazi za baadaye, lakini hakutengui tarehe ambazo zimeshapinduka. Ile ya mstari wa 5 itabaki 1 Oktoba, ila itaandikwa 01/10/2026. Kwa mistari sita tu, njia salama ni kuandika kila tarehe kwa fomula ambayo haina mtindo wa nchi yoyote:

```
=DATE(2026,1,10)
```

Mwaka, mwezi, siku. Hapo faili unaweza kumtumia mtu yeyote, jibu halitabadilika.

Ukimaliza, hakiki kwa macho yako badala ya kuiamini fomula. Kwenye C2 andika siku zilizopita, `=A2-$A$2`, na kama ikionekana kama tarehe ibadilishe iwe namba ya kawaida. Kwenye seli ya E2 andika pesa iliyopunguzwa:

```
=B2/(1+$D$1)^(C2/365)
```

Buruta zote mbili hadi mstari wa 7. Safu C isome 0, 79, 158, 301, 497 na 625. Safu E, kwa maelfu, isome hasi 20,000, hasi 3,859, kisha 8,378, 2,617, 8,780 na 4,519. Jumlisha E2 hadi E7, lazima ilingane na XNPV mpaka shilingi ya mwisho. Zisipolingana, safu C itakuonyesha mstari wenye kasoro, kwa sababu namba ya siku isiyoingia akilini huonekana haraka kuliko tarehe isiyoingia akilini.

Tarehe ya mstari wa kwanza ina maana nyingine pia: jibu unalopata ni thamani ya siku hiyo, 15 Machi 2025, wala si ya leo. Kama unataka thamani ya siku unayofanya uamuzi, tuseme 1 Februari 2025, ingiza mstari mpya juu wenye tarehe hiyo na kiasi 0, kisha hakikisha fomula inasoma B2:B8 na A2:A8. Kila kitu kitasogea siku 42 na 435,000 zitakuwa kama 427,000. Alama haibadiliki kwa kufanya hivyo, kwa hiyo kwa swali la kununua au kutonunua si lazima. Ila ukiweka huo mstari wa sifuri usitumie juu yake XIRR, fomula inayotafuta kiwango cha kuifanya XNPV iwe sifuri, kwani XIRR ikianza na sifuri inaweza kukupa jibu la ovyo.

Sasa hizo asilimia 18. XNPV inataka kiwango cha mwaka mzima, riba juu ya riba ikiwa imeshaingia. Benki nyingi zikisema "18 kwa mwaka" humaanisha 1.5 kila mwezi, na 1.5 ikizaana miezi 12 haiwi 18, inakuwa 19.56. Excel inakubadilishia:

```
=EFFECT(18%,12)
```

Weka hiyo kwenye D1 na XNPV inashuka kutoka 435,000 hadi 114,000. Bado chanya, lakini robo tatu ya faida imeondoka kwa neno moja ambalo hukumuuliza afisa mikopo. Muulize pia kama riba inatozwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote wa mwanzo hata ukishalipa nusu. Ikiwa ni kwenye mkopo wote, gharama yako ya kweli iko juu sana ya 18, na hesabu hii yote inaanguka. Na usije ukaandika 1.5% kwenye D1 ukidhani fomula itajua ni ya mwezi. Itaichukua kuwa ya mwaka, na kila mashine duniani itaonekana ya faida.

Jambo jingine la benki: marejesho ya mkopo usiyaingize kwenye safu B. Asilimia 18 tayari ndiyo inayosimama badala ya gharama ya pesa. Ukiweka na marejesho, umelipa riba mara mbili kwenye karatasi.

Kuhusu ununue au usinunue, 435,000 juu ya milioni 24 ni kidogo. Maana yake ni kwamba mashine itarudisha pesa yako, itakulipia asilimia 18, na juu yake itakuachia 435,000 kwa thamani ya siku ya kununua. Kiwango kinachoifanya iwe sifuri, unachokipata kwa `=XIRR(B2:B7,A2:A7)`, ni asilimia 20.1 hivi. Juu ya hapo, unapoteza. Kwa kuwa fomula yako sasa inasikiliza tarehe, itumie kuuliza swali ambalo NPV isingeweza kulijibu: je, pesa ikichelewa? Badilisha A6 kutoka 25 Julai iwe 23 Oktoba 2026, siku 90 tu, kama wateja wakichelewa kulipa au wakulima wakihifadhi mpunga wakisubiri bei. Kiasi hujakigusa. Kwa 18 unabaki na kama 84,000. Kwa 19.56 unaingia hasi 258,000.

Kwa hiyo, kwa namba hizi, mimi nisingesaini kabla ya kujua vitu viwili: riba ya kweli ya benki, na uzito wa ile ahadi ya milioni 6. Ahadi hiyo ina thamani ya 4,519,000 kwenye hesabu, mara kumi ya faida yote. Akikupa 5,000,000 badala ya 6,000,000, kila kitu ni hasara. Iandikwe, na ikiwezekana atoe kianzio.

Ikiwa mkopo una riba inayobadilika, au mashine itaingia kwenye hesabu za kodi za biashara uliyoisajili, usiishie kwenye jedwali. Mpelekee mhasibu aliyesajiliwa na bodi ya nchini kwako (kwa Tanzania ni NBAA) barua ya benki yenye masharti yote pamoja na faili lako lenye safu C na E. Atahitaji kuongeza mistari ya kodi kwa tarehe inazolipwa, na hapo fomula ni ileile, ila masafa yanakuwa marefu zaidi ya B7.